Kitenge kipya kinachuja? Weka chumvi pembeni kwanza, anza na kipande kidogo

Karibu kila mtu akinunua kitenge au kanga mpya anaambiwa aloweke na chumvi ndo rangi ishike. Wengine wanasema siki, wengine vyote viwili usiku kucha. Alafu anafua mara ya kwanza maji yanatoka mekundu vilevile, maua meupe yanageuka pinki, na akiuliza anaambiwa chumvi ilikuwa kidogo. Chumvi haikuwa kidogo jamani. Chumvi haifungi rangi kwenye pamba iliyokwisha chapwa, na kwa vitambaa vingi inafanya kinyume kabisa cha unachotaka, naeleza hapa chini kwa nini, na kitu gani ufanye badala yake.

Kwanza uelewe ile rangi inayotoka ni rangi gani. Kitambaa kikichapwa kiwandani rangi inachanganywa na uji mzito ili isitambae nje ya mchoro, inapakwa, kisha kitambaa kinapigwa mvuke au joto ili rangi ishikane na nyuzi. Aina ya rangi inayotumika sana kwa pamba inaitwa riaktivu, hii inajifunga na uzi wa pamba kikemia, ikishajifunga haitoki kwa kufua. Lakini siyo yote inayojifunga. Sehemu yake inakutana na maji kabla haijakutana na pamba, inaungana na hayo maji, na hapo inakuwa imepoteza uwezo wa kushika pamba moja kwa moja. Hiyo iliyoharibika inabaki imelala tu kwenye nyuzi pamoja na ule uji. Kiwanda kinatakiwa kuiosha kwa maji mengi baridi alafu maji yanayokaribia kuchemka, mara kadhaa. Ni hatua inayokula maji na kuni au umeme mwingi, kwahiyo wakibana matumizi ndo hapo wanapobana, na mabaki yanakuja nyumbani kwako.

Kwahiyo unachokiona kwenye beseni mara nyingi siyo mchoro wako unaoondoka. Ni mabaki ambayo yalitakiwa yawe yameshatoka. Kazi yako ni kumalizia kuosha ambako hakukumalizika, na kuhakikisha mabaki yakitoka yanaenda kwenye maji na siyo kwenye maua meupe.

Sasa rudi kwenye chumvi. Wapaka rangi kweli wanatia chumvi, tena nyingi, lakini wanaitia kwenye maji ya kupaka rangi, kazi yake ni kuisukuma rangi itoke kwenye maji iende ikakae kwenye nyuzi. Kinachofunga ni magadi na joto, chumvi ni ya kusukuma tu. Ukitia chumvi kwenye maji ya kufulia unasukuma mabaki yarudi kwenye kitambaa, yakiwemo maeneo meupe. Maji yanaonekana masafi, unafurahi, unasema imeshika. Ukija kufua bila chumvi yanatoka yote. Na siki? Siki inasaidia kwenye rangi za sufu, hariri na nailoni, hizo zinahitaji tindikali ili zishike. Pamba siyo familia hiyo, siki haiifanyii kitu cha maana.

Kipande cha majaribio, hiki usikiruke

Siyo kila kitambaa kina riaktivu, na matibabu ya aina moja yanaweza kuharibu aina nyingine, ndo maana hatuanzi na kitambaa chote. Kata vipande viwili vidogo pembeni kwenye ukingo, kila kimoja upana wa vidole vitatu hivi, na uchague sehemu yenye ile rangi nzito kabisa pamoja na nyeupe kama nyeupe ipo. Kimoja weka kikavu mbali na mwanga, hicho ndo shahidi wako, utakihitaji hata miezi ijayo.

Chukua uzi mmoja mmoja kutoka kwenye ukingo uuchome na kiberiti pia, kwa uangalifu. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Uzi ukiyeyuka na kuacha punje ngumu, hapo kuna poliesta, na haya ninayoeleza hapa ni ya pamba.

Kile kipande cha pili kisugue na kitambaa cheupe kikavu mara kumi hivi, angalia kama cheupe kimeshika rangi. Lowesha cheupe usugue tena. Alafu weka kipande kwenye glasi, mimina maji ya moto sana na tone moja la sabuni ya maji, koroga, acha dakika kumi. Toa, suuza, kausha, kilinganishe na shahidi mkavu kwenye mwanga wa mchana.

Majibu yanakuja ya aina tatu. Maji yamepata rangi lakini kipande kikikauka kinafanana na shahidi, au tofauti ni ndogo sana: hiyo ni riaktivu yenye mabaki, habari njema, maji ya moto ndo dawa yake. Maji yamepata rangi na kipande nacho kimepauka waziwazi: hiyo ni rangi inayoshika pamba kwa nguvu ndogo tu, mafundi wanaziita dairekti, au ni riaktivu ambayo haikupigwa mvuke wa kutosha, na hapo maji ya moto ni adui. Ya tatu, maji yamebaki safi kabisa lakini kile cheupe cha kusugulia kimechafuka: hiyo mara nyingi ni pigimenti, unga wa rangi uliobandikwa juu ya kitambaa kwa gundi. Pigimenti mara nyingi utaitambua hata kwa mkono, mchoro una kaugumu kama tabaka juu ya nguo na upande wa nyuma umefifia.

Kama maji ni safi na cheupe ni safi basi hongera, kitambaa kilioshwa vizuri, fua peke yake mara moja au mbili na uendelee na maisha.

Kikiwa riaktivu: baridi kwanza, moto baadae

Hii ndo hali ya wengi kwahiyo nitakaa hapa zaidi. Fanya kabla hujampelekea fundi, kwa sababu pamba ambayo haijaoshwa inaweza kusinyaa asilimia 3 hadi 5 ikikutana na maji ya moto, na bora isinyae ikiwa kitambaa kuliko ikiwa gauni.

Tuchukue kitambaa cha yadi 6, kama mita 5 na nusu, bluu nzito na nyekundu zenye maua meupe. Cha aina hii uzito wake unakaribia kilo moja kasoro kidogo. Unahitaji beseni kubwa au pipa la kuchukua lita 20 za maji na nafasi ya kukorogea, mti wa kukorogea ambao hautoi rangi, glavu nene, na glasi za kioo kama tano. Sabuni ya maji isiyo na dawa yoyote ya kupausha, vijiko viwili vya chakula vinatosha kabisa. Kama una maji ya mvua tumia hayo kwenye hatua za moto, maji yenye chokaa nyingi yanafanya mabaki yagandamane na yagome kutoka.

Kwa nini lita 20 na siyo tano? Kwa sababu kitambaa hiki hata ukikikamua kwa nguvu kinabaki na karibu lita moja ya maji yenye rangi ndani yake. Ukikitupa kwenye lita 20 mpya ile rangi inagawanyika mara 20, ukikitupa kwenye lita 5 inagawanyika mara 5 au 6 tu na iliyobaki inaendelea kuzunguka ikitafuta pa kukaa, na maua meupe ndo pa kukaa penyewe. Maji kidogo ndo sababu kubwa ya watu kuharibu nyeupe, kubwa kuliko sabuni, kuliko hata joto.

Anza na maji baridi, bila sabuni, bila chumvi. Kifungue kitambaa chote kwanza, kisiingie kimekunjwa kama kilivyotoka dukani, alafu kizamishe kwa mara moja na uanze kukoroga hapohapo. Koroga dakika tano bila kuacha. Maji baridi hapa yana sababu: yanatoa ule uji, wanga, na chumvi na magadi yaliyobaki kutoka kiwandani. Ukiruka moja kwa moja kwenye moto, chumvi hiyo ya kiwandani bado ipo ndani na inafanya ileile kazi ya kusukuma rangi kwenye nyuzi, na magadi yakipata joto yanaweza hata kuanza kuvunja ile rangi iliyokwishashika. Chota glasi moja ya maji, iweke pembeni. Mwaga, kamua, weka maji mapya, rudia. Mara mbili kwa kawaida zinatosha, ya tatu kama bado maji yanateleza kwenye vidole, kule kuteleza ni uji na magadi.

Usije ukakiacha kitambaa kibichi kimelala kwenye rundo wakati unaenda kuchota maji mengine. Hili narudia kwa sababu ndo kosa linaloharibu vitambaa vingi vizuri: kikiwa kimekunjana kibichi, bluu inagusana na nyeupe, maji yaliyopo ni kidogo, rangi inahama taratibu na inakaa. Andaa maji ya hatua inayofuata kabla hujamwaga ya hatua uliyopo.

Sasa moto. Huna kipimajoto? Chemsha maji, changanya nusu ya maji yanayochemka na nusu ya maji ya kawaida, unapata kama nyuzi 60. Ukichanganya sehemu tatu za yanayochemka na moja ya kawaida unapata kama nyuzi 80. Beseni na kitambaa vitakula joto kidogo, hesabia hilo. Anza na nyuzi 60, tia vile vijiko viwili vya sabuni, koroga mpaka iyeyuke, zamisha kitambaa, koroga dakika kumi kwa mti. Utashangaa maji yatakuwa na rangi kuliko yale ya baridi ya pili. Usiogope, kipande chako cha majaribio kilishakuambia mchoro hautaondoka. Ile rangi ilikuwa imejificha ndani ya uzi, na joto ndo linaifungulia njia ya kutoka. Mtu ambaye hakufanya majaribio akiona hivi anakitoa haraka anakitia maji baridi na chumvi, na hapo anakuwa amefungia mabaki ndani yaje yatoke polepole kila akifua.

Chota glasi, mwaga, weka maji mapya ya moto, safari hii karibu nyuzi 80 bila sabuni. Hapa unaweza kuacha kitambaa kiloweke, ila kiwe kimezama chote, kikandamize na sahani nzito kama kinaelea, na ukigeuze kila baada ya muda. Nusu saa mpaka saa nzima. Chota glasi tena. Rudia mpaka utakaporidhika na glasi.

Glasi ndo zinazokuambia uendelee au usimame, kwahiyo zipange kwa mfuatano juu ya karatasi nyeupe. Kwenye kitambaa chetu cha bluu na nyekundu, utaona glasi ya kwanza ya baridi imekolea, ya pili imepungua, ya tatu ambayo ni ya moto na sabuni imepanda tena, ya nne imeshuka sana, ya tano ina kivuli tu cha pinki au haina kitu. Kushuka huko ndo unakokitafuta. Kivuli kidogo sana kwenye glasi ya mwisho hakina shida. Lakini kama glasi ya moto ya tatu na ya nne zimekolea sawasawa na ile ya kwanza ya moto, hazishuki, simama hapohapo. Hiyo siyo tena mabaki, ni mchoro wenyewe unatoka, rukia sehemu ya dairekti hapa chini.

Mwisho suuza kwa maji ya kawaida, alafu fanya kipimo cha pasi. Chukua kona yenye rangi nzito ikiwa bado mbichi, iweke juu ya kitambaa cheupe kikavu cha pamba, piga pasi ya moto wa pamba mpaka pale pakauke. Cheupe kikibaki cheupe, umemaliza, kitambaa hicho unaweza kukifua na vingine vya rangi inayofanana baada ya muda mfupi. Kikiwa na doa hafifu, ongeza loweko moja la moto. Hiki kipimo ni kikali kuliko maisha ya kawaida ya nguo, kikipita hapa sehemu nyingine zote kitapita.

Kuanika nako siyo kazi ya kutupa tu kwenye kamba. Tandaza kikiwa kimefunguka, kivulini penye upepo, nyuma nje, na kisining'inie kimekunjwa mara mbili rangi ikigusana na nyeupe. Sehemu ya chini ndo inakauka mwisho, maji yote yanashukia huko, kwahiyo ukiona chini panajaa maji pakamue kidogo au pageuze. Jua kali juu ya kitambaa kibichi linapausha kuliko juu ya kitambaa kikavu, na kitambaa kilichoachwa kwenye kamba siku nzima utakiona mstari wa mkunjo juu umekuwa mweupe wakati kwingine pako sawa.

Kikiwa dairekti

Kama kipande chako kilipauka kwenye glasi ya moto, sahau kabisa kukifua kwa maji ya moto. Una njia mbili tu za ukweli.

Ya kwanza ni kukubali kwamba kitambaa hicho kitafuliwa peke yake maisha yake yote, maji baridi mengi, sabuni kidogo, haraka haraka, dakika tano na kimeshatoka, hakuna kuloweka. Hapa ndo mahali pekee ambapo chumvi inafanya kitu kinachoonekana: wakati ipo ndani ya maji inapunguza kasi ya rangi kutoka. Ila inafanya hivo kwa dakika hizo tu, haibadilishi chochote kwenye kitambaa, na kama kuna nyeupe bado inaweza kusukuma rangi huko. Mimi kwa kitambaa chenye nyeupe sitii.

Njia ya pili ni dawa ya kushikisha rangi, fiksa, zinauzwa na wanaouza rangi za vitambaa. Hizi zinafanya kazi kwa kunasa chembe za rangi na kuzifanya kubwa na zisizoyeyuka, kwahiyo zinashindwa kutoka ndani ya uzi. Zinafaa kwa dairekti na zinafaa pia kwa riaktivu iliyobaki na mabaki sugu. Kipimo fuata kilichoandikwa kwenye chupa yako kwa sababu nguvu zinatofautiana, nyingi zinataka maji ya moto kiasi, na ukikoroga muda wote kwa dakika 20 mpaka 30 alafu usuuze. Maji yatapata rangi kidogo mwanzoni, ndo kawaida.

Mambo matatu yanaiharibu fiksa. Sabuni: sabuni na fiksa zina chaji zinazovutana, zikikutana zinaungana zenyewe na kugandamana, fiksa inaisha kabla haijafika kwenye rangi, kwahiyo kitambaa kiwe kimesuuzwa hakina povu hata kidogo. Doa: kama rangi ilishahamia kwenye maua meupe, fiksa itaishikisha na hiyo pia, toa kwanza doa ndo uje kwenye fiksa. Na moto wa baadae: kitambaa kilichopita kwenye fiksa kifuliwe maji baridi au ya uvuguvugu tu. Kuna gharama nyingine pia, baadhi ya rangi zikishapata fiksa zinavumilia jua kidogo kuliko mwanzo na nyingine zinabadilika kivuli, ndo maana ujaribu kwenye kipande ukilinganisha na shahidi. Na softena siyo fiksa, hata kama inaelezwa hivo, itakilainisha kitambaa na basi.

Kikiwa pigimenti

Hapa maji hayana kosa, kosa ni msuguano. Maji ya moto, chumvi, siki, fiksa, vyote havigusi tatizo kwa sababu rangi haiyeyuki, inabanduka. Gundi inayoibandika inahitaji joto kali ili ikomae, na kama kiwandani au kwenye karakana haikukomaa vizuri unaweza kuimalizia: kabla ya kufua mara ya kwanza, pasi kavu bila mvuke, moto wa pamba, upande wa nyuma, ukisogeza polepole ili kila sehemu ipate dakika tatu mpaka tano kwa jumla. Kwa yadi sita ni kazi, kweli, ila kwa gauni lililoshonwa tayari au fulana iliyochapwa inawezekana. Jaribu kwenye kipande kwanza, usugue na cheupe kabla na baada, utaona kama kuna unafuu au gundi yenyewe ni mbovu.

Baada ya hapo geuza nje ndani, maji ya kawaida, usifikiche kitambaa kwa kitambaa, usipige brashi, usikamue kwa kusokota. Kwenye mikunjo itafifia taratibu kwa muda, pigimenti ndo ilivyo, unachofanya ni kuchelewesha.

Kikipauka bila maji kuwa na rangi

Kuna watu maji yao ni safi kabisa lakini baada ya kufua mara mbili tatu kitambaa kimechoka. Hapa mara nyingi kuna vitu viwili tofauti, na shahidi wako mkavu atakuonyesha ni kipi.

Cha kwanza ni ule wanga wa kiwandani. Kitambaa kipya kinang'aa na kina ugumu kwa sababu kimepakwa wanga na kukandamizwa. Ukifua unaondoka, mng'ao unaondoka nao, na ukisugua sana vinyweleo vidogo vya pamba vinasimama na kuufanya uso uonekane na ukungu. Lowesha kitambaa na shahidi pamoja uvilinganishe vikiwa vibichi. Vikifanana, rangi ipo yote, ni uso tu umechakaa, na dawa yake ni kufua nyuma nje, kupunguza kufikicha, na kupiga pasi kikiwa na unyevu.

Vikitofautiana hata vikiwa vibichi basi rangi imeliwa, na mshukiwa wa kwanza ni sabuni ya unga. Soma pakiti: nyingi zimetengenezwa kung'arisha nguo nyeupe, zina kitu cha kupausha ndani chenye oksijeni, na zinakuwa na magadi ya nguvu. Kwa kitambaa cha rangi nzito tumia sabuni ya maji au ile iliyoandikwa ni ya nguo za rangi. Dawa ya klorini ya kung'arisha nyeupe isikaribie kabisa, hata ile iliyobaki kwenye beseni ulilofulia shuka, suuza beseni kwanza. Ukiona madoa yaliyopauka yenye mipaka kama matone, au sehemu moja tu imekuwa rangi ya chungwa au pinki wakati ilikuwa nyekundu au bluu nzito, fikiria klorini au unga wa sabuni uliomwagwa juu ya nguo kabla haujayeyuka.

Nyeupe ikishapata rangi

Hapa muda ndo kila kitu. Usikianike, usikipige pasi, usikitie kwenye mashine ya kukaushia. Rangi iliyohama ikiwa bado mbichi imelala tu juu ya pamba, ikikauka na kupata joto kavu inakuwa ngumu kutoa. Kama huwezi kushughulika muda huohuo, kiache kimezama kwenye maji mengi baridi, siyo kwenye rundo.

Kwa riaktivu na kwa pamba tupu, jaza chombo kikubwa kuliko kawaida, lita 30 au zaidi kama unaweza, maji ya nyuzi 60 na kuendelea, sabuni ya maji vijiko vitatu, zamisha kitambaa chote kiwe huru kabisa kinaogelea, na ukiache kwa saa kadhaa hata usiku mzima. Maji yakishakuwa na rangi nzito mwaga uweke mengine ya moto na sabuni, usingoje asubuhi, kwa sababu rangi inatoka kwenye nyeupe pale tu ambapo maji yana nafasi ya kuipokea. Nyeupe itaanza kusafika kwenye loweko la pili au la tatu. Kama baada ya maloweko matatu ya moto pinki haijapungua hata kidogo ukilinganisha na shahidi, haitatoka kwa njia hii, na vitu vya kupausha vitakula na mchoro pia, kwahiyo bora umwambie fundi apange mshono hiyo sehemu iangukie ndani ya pindo au kwenye mkunjo.